Mkate wa kumimina: kutoka watu 8 hadi 20

Ramadhani iliyopita wifi yangu wa Wete alinitumia kwa simu picha ya ukurasa wa kitabu cha mapishi: mkate wa kumimina wa watu 8. Mchele nusu kilo, sukari robo kilo, tui vikombe 1½, hamira kijiko cha chai 1, ute wa yai 1. Sisi tulikuwa tunafuturisha watu 20. Ukigawa 20 kwa 8 unapata 2½, na wengi hudhani kilichobaki ni kuzidisha tu.

Kilichobaki kwanza ni kusoma. Kivuli cha mkono kilipita juu ya karatasi, nami nikaisoma 1½ kuwa 1¼. Kwenye mkate mmoja hiyo ni robo kikombe, lakini ukishazidisha kwa 2½ umepunguza tui zaidi ya nusu kikombe. Rojo likawa zito, likidondoka kwenye upawa kwa mabonge badala ya kumiminika, na mkate ukaiva bila matundu. Siku hizi naikuza picha kila penye sehemu kama ½, kisha nampigia aliyeituma.

"Wifi, hamira ni kijiko cha chai au cha chakula?"

"Cha chai, wifi yangu. Hapo wino umefifia."

Cha chakula ni sawa na vitatu vya chai, kwa hiyo swali hilo si dogo. Muulize pia ni chakula cha watu wangapi, maana mstari huo hukaa juu karibu na jina la pishi na mara nyingi hukatwa na picha.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni ya sufuria: rojo mara 2½, basi upana nao mara 2½. Sivyo. Kinachopimwa ni eneo la chini. Kwa kulinganisha sufuria za duara, inatosha kuzidisha upana kwa upana: ya sentimita 20 ni 20 × 20, yaani 400. Mara 2½ ni 1,000, na sufuria ya sentimita 32 inatoa 1,024. Ukichukua ya 50 unapata 2,500. Rojo litatandazika chini ya nusu ya kimo chake na mkate utakauka kama chapati. Mimi lakini ile ya 32 siipendi kwa jiko la mkaa la nyumbani, kwa sababu katikati huungua na pembeni pakabaki pabichi. Natumia mbili za sentimita 22. Jumla ni 968, karibu sawasawa.

Muda wa kupika nao hauzidishwi. Kimo cha rojo kikiwa kilekile, muda nao hubaki karibu uleule. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, umeiva.

Ute wa mayai 2½? Vunja matatu, ukoroge kidogo ute wa la tatu, umimine nusu. Hamira zidisha, ila rojo jingi hutunza joto na huumuka upesi, hivyo angalia mapovu, usitazame saa.