Mkopo wa riba pekee kwa mwenye nyumba ya kupangisha: dhana potofu na ukweli

Chukua mwekezaji mmoja anayenunua nyumba ya kupangisha yenye thamani ya 125,000 kwa mkopo wa 100,000, riba ikiwa asilimia 8 kwa mwaka. Kodi ya pango, baada ya kuondoa matengenezo, bima na ushuru, inamwachia 1,100 kila mwezi. Mkopo wa kawaida wa miaka 20 unamtaka alipe 836 kwa mwezi, ilhali mkopo wa riba pekee, ambao kila mwezi hulipiwa riba tu bila kupunguza deni, unamtaka 667. Dhana nyingi huzaliwa katika tofauti hiyo ya 170.

Dhana: Rejesho dogo maana yake ni mkopo wa bei nafuu.

Ukweli ni kwamba rejesho limekuwa dogo kwa sababu deni lenyewe halijaguswa. Baada ya miaka 5 mwenye mkopo wa riba pekee amelipa riba ya 40,000 na bado anadaiwa 100,000 kamili. Mwenye mkopo wa kawaida amelipa riba ya takriban 37,700, na deni lake limeshuka hadi kama 87,500. Mkataba ukisema kwamba baada ya miaka hiyo 5 deni lianze kulipwa ndani ya miaka 15 iliyobaki, rejesho linaruka kutoka 667 hadi 956, yaani zaidi ya ambavyo angelipa tangu mwanzo.

Dhana: Nitaiweka akiba ile tofauti, kwa hiyo mwishoni tutakuwa sawa.

Hata akiwa na nidhamu kamili, 170 kwa miezi 60 ni karibu 10,200, wakati mwenzake amepunguza deni kwa karibu 12,500. Pengo hilo la 2,300 hivi ni riba aliyoilipa kwa deni lisilopungua. Ili pengo lizibike, akiba yake ingepaswa kuzaa asilimia 8 baada ya kukatwa kodi ya serikali, na ni akiba chache salama zinazofikia riba ya mkopo. Nisemapo hivi nafikiria mtu anayeweka akiba kweli kila mwezi. Uzoefu wa wengi ni kwamba fedha hiyo huishia kwenye paa linalovuja.

Dhana: Malipo makubwa ya mwisho si tatizo, kwa kuwa nitachukua mkopo mpya nilipe ule wa zamani.

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu watu huiona kama jambo la kujaza fomu tu. Tuseme mkopo wa riba pekee unakomaa baada ya miaka 5 na 100,000 yote inadaiwa kwa mkupuo. Nyumba haijapoteza thamani hata kidogo, kodi ni ileile, na wapangaji hawajahama. Kilichobadilika ni riba ya sokoni tu, ambayo sasa ni asilimia 10.

Mkopeshaji mpya haangalii thamani ya nyumba peke yake. Huuliza pia kama mapato ya pango yanazidi rejesho kwa kiasi cha kutosha, na kipimo kinachotumika sana ni mapato kuwa angalau mara 1.25 ya rejesho. Kwa mapato ya 1,100, rejesho haliwezi kuzidi 880. Kwa riba ya asilimia 10 na muda wa miaka 20, rejesho la 880 hubeba mkopo wa takriban 91,200 tu. Mwekezaji wetu anatakiwa kutoa mfukoni 8,800, pamoja na gharama za tathmini na za mwanasheria, au auze nyumba kwa haraka. Mwenzake ambaye mkopo wake nao ulikomaa mwaka wa 5, lakini ukiwa umehesabiwa kwa marejesho ya miaka 20, anadaiwa 87,500, na anapita kipimo hicho bila kuongeza chochote.

Dhana: Mkopo wa riba pekee na mkopo wenye malipo makubwa ya mwisho ni kitu kimoja.

Mfano huo umeshaonyesha kwamba sivyo: yule mwenzake alipunguza deni kila mwezi, na bado mwaka wa 5 alidaiwa 87,500 kwa mkupuo. Katika mkataba tafuta mambo mawili: muda hadi siku ambayo mkopo unakomaa, na muda uliotumika kukokotoa marejesho. Yakitofautiana, kuna malipo makubwa yanayokusubiri, hata kama kila mwezi unapunguza deni.

Dhana: Basi mikopo hii ni mtego kwa kila mtu.

Hapana. Inamfaa anayenunua nyumba chakavu, aikarabati na kuiuza ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwa kuwa katika muda huo mkopo wa kawaida nao ungepunguza deni kidogo tu. Hata yeye asome kama kuna adhabu ya kulipa mapema na kama ana haki ya kuongezewa muda, maana mauzo yakichelewa miezi mitatu tu, tarehe ya kukomaa haitamsubiri mnunuzi.