Odi ya 2.10 inabaki ngapi kodi ikishakatwa?

Wanaobeti kwenye vibanda vya Buzuruga na Kirumba husoma odi iliyoandikwa kwenye mkeka, lakini odi unayolipwa ni nyingine. Tuifuate kodi ya ushindi kwa kiwango cha 15%. Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo weka mahali pake kile kilichopo kwenye mkeka wako.

Umeweka dau la 10,000 kwa odi ya 2.10. Malipo kabla ya kodi ni 21,000. Humo, 10,000 ni hela yako mwenyewe, faida ni 11,000. Kodi ikikatwa kwenye faida ni 1,650, unabaki na 19,350. Gawanya kwa dau: odi halisi ni 1.935.

```
odi halisi = 1 + (odi - 1) x (1 - kodi)
```

Kabla ya kodi ulihitaji kushinda mara 47.6 katika 100 ili usipate hasara. Sasa unahitaji mara 51.7.

Jambo linalowaumiza wengi ni kwamba kodi hutazama kila mkeka peke yake, na mkeka uliochanika haupunguzi kodi ya ulioshinda. Chukua mtu anayeziba pande zote mbili: Pamba Jiji inacheza CCM Kirumba, kampuni moja inatoa 2.10 kwa mabao zaidi ya 2.5, nyingine inatoa 2.10 kwa mabao chini ya 2.5. Anaweka 10,000 kila upande, jumla 20,000, akiamini atapokea 21,000 vyovyote mechi itakavyoisha. Atapokea 19,350. Amepoteza 650 kwa uhakika, ingawa bila kodi angepata faida ya 1,000. Kwa kodi hii, kila upande unahitaji odi ya karibu 2.18 ndipo dau lirudi tu.

Hakikisha pia wanakata kwenye nini. Toa malipo baada ya kodi kutoka kwenye malipo kabla ya kodi, kisha gawanya kwa faida. Hapa 1,650 kwa 11,000 inatoa 0.15, sawa. Ukikuta wamekata 3,150, basi wamekata 15% ya malipo yote, dau likiwemo, na odi halisi imeshuka hadi 1.785. Hesabu hiyo huua kabisa odi ndogo: 1.15 ikikatwa hivyo inakuwa 0.98, yaani unashinda mechi na bado unapungukiwa.

Upande wa Kisumu hali ilikuwa tofauti kidogo, kwa sababu Kenya iliwahi kutoza ushuru kwenye dau lenyewe. Mwaka 2023 ulipandishwa hadi 12.5%. Ukikatwa hivyo kwenye kila 100 uliyoweka, ni 87.5 tu inayoingia mchezoni, na 2.10 inakuwa 1.84 kabla ushindi haujaguswa. Ushuru wa aina hii hukatwa hata kwenye mkeka utakaochanika, kwa hiyo kwa kiwango hicho zidisha odi kwa 0.875 kwanza, ndipo uhesabu kodi ya ushindi kama ipo.