Umemaliza mkopo na hati umerudishiwa? Rehani bado ipo mpaka tuifute kwenye daftari

Miezi hii malalamiko ya aina moja yamekuwa mengi dirishani kwetu, ofisi ya usajili wa hati, ndio maana naandika. Mtu anakuja na barua ya benki, mhuri upo, imeandikwa mteja wetu amemaliza deni lote, na hati yake ya kiwanja kashikilia mkononi, halafu tunamwambia kiwanja bado kina rehani. Anakasirika. Namuelewa, kalipa miaka mitano kwa jasho lake.

Ila ndugu zangu, barua ile ni ya kwenu wawili, wewe na benki. Inasema hudaiwi basi. Rehani iliandikwa kwenye daftari la Msajili wa Hati, na Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inasema wazi kwamba hakuna muamala unaoanzisha, kuhamisha, kubadili wala kufuta haki kwenye ardhi iliyosajiliwa mpaka na wenyewe usajiliwe. Neno kufuta limo humo humo, kwahiyo kama kuingia rehani kulisajiliwa na kutoka kunasajiliwa vilevile. Kuwa na hati kabatini hakubadilishi kitu, tumeshasema hili mara nyingi sana jamani, karatasi uliyonayo ni nakala ya kinachosomeka kwenye daftari, na likija suala la kuuza au kukopa tena tunaangalia daftari.

Chukulia mama mmoja wa Mbagala, mfano tu. Alikopa milioni 40 akaweka nyumba, kamaliza mwaka 2019, kapewa barua na hati akavifunga kwenye nailoni akaweka sandukuni. Mwaka 2024 anataka kumuuzia jirani, wakili wa jirani anafanya upekuzi kwetu, majibu yanatoka kuna rehani ya benki fulani. Jirani anarudi nyuma. Mama anakimbilia benki, anakuta imeungana na nyingine, jina jipya, tawi lake limefungwa, meneja aliyesaini ile barua hayupo, na faili lipo stoo ya makao makuu. Kitu kilichokuwa cha wiki chache kinakuwa cha miezi. Na angekuwa ameshafariki, watoto wangeanza kwanza na mirathi, apatikane msimamizi, ndio aende kuomba kufuta rehani ambayo deni lake liliisha zamani.

Sasa unachotakiwa kudai benki siku unamaliza ni hati ya kufuta rehani, ile wengi wanaita dischaji. Sio barua. Hii ni nyaraka ya kisheria inayotaja namba ya hati yako, kiwanja na kitalu, na ile rehani yenyewe pamoja na namba yake ya usajili, halafu inasainiwa na watu wa benki wenye mamlaka mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Hapa ndipo nyingi zinapokwama na nyingi zinarudishwa. Unakuta aliyesaini anatumia nguvu ya kisheria, yaani pawa ya atoni, ambayo haijasajiliwa kwetu, au namba ya kitalu imekosewa tarakimu moja, au uliongezewa mkopo katikati kukawa na rehani mbili na benki imefuta ya kwanza tu. Soma kabla hujaondoka pale kaunta, usione aibu, linganisha na nyuma ya hati yako mstari kwa mstari.

Ukishaipata usikae nayo. Nyaraka inatakiwa kulipiwa ushuru wa stempu ndani ya siku 30 tangu isainiwe, ukichelewa kuna adhabu, na isiyo na stempu hatuipokei hata ulie. Unaileta na hati halisi, unapewa kontroo namba unalipia ada, tunakagua, tukiridhika tunaiingiza kwenye daftari na kuandika kwenye hati yako kwamba rehani imefutwa, na namba ya usajili na tarehe. Baada ya hapo omba upekuzi wewe mwenyewe. Majibu yakionyesha hakuna rehani ndio imeisha, yakionyesha bado ipo rudi siku hiyo hiyo na risiti yako.

Kama ulikopa kwa jina la kampuni kuna la ziada, madeni ya kampuni husajiliwa pia BRELA, kwahiyo kule nako taarifa ya kumaliza deni ipelekwe. Wengi wanafuta kwetu wanasahau kule.

Na benki ikiwa imefungwa kabisa? Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa mpigo na Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Mteja wa benki ya namna hiyo anamfuata mfilisi, maana ndiye anayesaini kwa niaba ya benki, na aende na risiti zote za marejesho na ile barua ya kumaliza deni. Hapo ndipo barua inapokuwa na kazi, ni ushahidi wa kuombea dischaji, kwahiyo usiitupe.