Milioni tano kwa awamu au milioni nne taslimu? Anza na tarehe

Mama mmoja alikuja mezani kwetu na karatasi mbili. Alikuwa anauza kiwanja, na wanunuzi walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa tayari kumpa 4,000,000 taslimu siku ya kutia saini. Wa pili aliahidi 1,000,000 kila mwaka kwa miaka 5. Mama alikuwa ameshaamua: "Mwanangu, milioni tano si nyingi kuliko nne?"

Nyingi, ndiyo. Lakini kwenye jumla hiyo ya 5,000,000 amechanganya fedha za mwaka kesho na fedha za miaka mitano ijayo kama vile zote zimo mkononi leo. Kabla ya kuzijumlisha, kila malipo lazima yarudishwe kwanza kwenye thamani yake ya leo, moja baada ya jingine.

Kurudisha huko kunahitaji kiwango cha punguzo. Nilimuuliza, fedha hizo akizipata leo angezifanyia nini? Akasema ana mahali pa kuziweka panapompa asilimia 10 kwa mwaka, na kila mwaka anaweza kutoa anachotaka. Basi kiwango chake ni hicho. Kama 100 ya leo inakuwa 110 baada ya mwaka, basi 110 ya mwaka kesho ina thamani ya 100 leo. Kwenda mbele tunazidisha kwa 1.10, kurudi nyuma tunagawanya kwa 1.10, mara moja kwa kila mwaka wa kusubiri.

Tukaandika malipo yake, tukichukulia kwamba ya kwanza yanakuja baada ya mwaka mmoja:

```
Mwaka 1:  1,000,000 / 1.10    =   909,091
Mwaka 2:  1,000,000 / 1.10^2  =   826,446
Mwaka 3:  1,000,000 / 1.10^3  =   751,315
Mwaka 4:  1,000,000 / 1.10^4  =   683,013
Mwaka 5:  1,000,000 / 1.10^5  =   620,921
Jumla                         = 3,790,786
```

Malipo ya mwisho, yaliyoandikwa kwenye karatasi kwa tarakimu zilezile za milioni moja, leo yana thamani ya 620,921 tu. Jumla yote ni 3,790,786, pungufu ya 4,000,000 kwa zaidi ya laki mbili.

Mama hakuamini, na alikuwa na haki. Mtu akionyeshwa hesabu inayomnyang'anya zaidi ya milioni moja kwa kugawanya tu, lazima ashtuke. Kwa hiyo tuliigeuza. Chukulia leo unaweka 3,790,786 mahali pako pa asilimia 10. Baada ya mwaka zinakuwa 4,169,865. Toa 1,000,000, zinabaki 3,169,865. Mwaka wa pili zinakua tena, unatoa 1,000,000, zinabaki 2,486,852. Mwaka wa tatu zinabaki 1,735,537, mwaka wa nne 909,091. Mwaka wa tano hizo zinakua na kufika 1,000,000, unazitoa, na akaunti inabaki tupu. Yaani kwa 3,790,786 za leo angeweza kujilipa mwenyewe ahadi yote ya mnunuzi wa pili bila kumsubiri mtu. Akiwa na 4,000,000 angejilipa hivyohivyo na bado abaki na akiba. Hapo ndipo alipovuta kiti karibu.

Kisha nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona mwanzo. Karatasi ya mnunuzi wa pili ilisema "kila mwaka kwa miaka 5", lakini haikusema malipo ya kwanza ni lini. Nilikuwa nimechukulia mwisho wa mwaka kwa mazoea tu. Je, kama ya kwanza yanalipwa siku ya kutia saini?

Hapo malipo ya kwanza hayapunguzwi hata kidogo, kwa kuwa ni ya leo. Ya pili yanasubiri mwaka 1, na ya tano yanasubiri miaka 4. Jumla inakuwa 1,000,000 na 909,091 na 826,446 na 751,315 na 683,013, yaani 4,169,865. Ile 620,921 ya mwisho imeondoka na mahali pake pameingia 1,000,000 kamili. Sasa mnunuzi wa pili ndiye mwenye ofa kubwa, na kilichobadilika ni tarehe tu. Simu moja kwa mnunuzi huyo ilikuwa na uzito kuliko hesabu zote tulizokuwa tumefanya asubuhi ile.

Kosa hilihili limejificha ndani ya programu za majedwali ya hesabu. Kazi iitwayo `NPV` huchukulia kwamba kiasi cha kwanza unachoipa kinakuja baada ya kipindi kimoja. Malipo ya leo ukiyaweka ndani ya mabano, yatapunguzwa kwa mwaka ambao hayakusubiri. Kama malipo matano yako kwenye seli B2 hadi B6 na la kwanza ni la leo, liache nje:

```
=B2+NPV(0.10,B3:B6)
```

Namna ya kujua umekosea: badili kiwango kiwe 0. Jibu lazima liwe jumla ya kawaida, hapa 5,000,000. Likiwa tofauti, kuna malipo umeyaruka au umeyahesabu mara mbili. Ila jaribio hilo halikamati kosa la tarehe, maana kwa kiwango cha 0 tarehe zote ni sawa. Kosa la tarehe linakamatwa kwa kuigeuza hesabu na kutoa fedha mwaka kwa mwaka kama tulivyofanya na mama.

Wengine hutafuta njia ya mkato: wanachukua 5,000,000 yote na kuipunguza mara moja kwa miaka 3, kwa kuwa 3 ndiyo katikati ya 1 na 5. Inatoa 3,756,574, na kwa malipo yanayolingana haiko mbali sana, ingawa ni pungufu. Lakini malipo yasipolingana njia hiyo haifai. Mnunuzi akisema nitakupa 500,000 kwa miaka minne ya mwanzo, kisha 3,000,000 mwaka wa tano, jumla ya karatasini ni ileile 5,000,000. Ukipunguza kila moja kwa tarehe yake unapata takriban 3,447,700, kwa sababu mzigo mkubwa umesukumwa kule ambako punguzo ni kali zaidi.

Na kiwango chenyewe? Katika mpango wa malipo ya mwisho wa mwaka, asilimia 10 inampa ushindi mwenye taslimu. Kwa asilimia 5 jumla inapanda hadi takriban 4,329,000 na awamu zinashinda. Zinalingana karibu na asilimia 7.9. Ndiyo maana huwa napendelea kumwonyesha mtu mahali pa kulingana badala ya kumpa jibu moja: anajiuliza tu kama fedha zake zinaweza kupata zaidi ya hapo au la. Na kama ana wasiwasi kwamba mnunuzi atasita kulipa mwaka wa nne, hapaswi kutumia kiwango cha mahali salama kupima ahadi ya mtu asiye salama, bali akipandishe.

Jioni mama alipiga simu. Mnunuzi wa pili alisema malipo ya kwanza ni baada ya mavuno yake, miezi kumi kutoka siku ya saini, na mengine kila mwaka kuanzia hapo. Tukachukua ile jumla ya 3,790,786 na kuisogeza mbele kwa miezi miwili, kwa kuwa kila malipo yanawahi kwa miezi miwili: tuliizidisha kwa 1.10 kwa kipeo cha 2/12. Ikatoka takriban 3,851,500.

Alichukua taslimu.