Gharama kwa kurudi nyuma: wanayoyaamini wengi, na leja inavyosema

Kiwanda kinachofuata mfumo wa JIT, yaani kuzalisha kwa wakati unaohitajika tu, hakikai na malighafi wala bidhaa nusu kwa muda mrefu. Ndiyo maana wahasibu wake huacha kufuatilia gharama hatua kwa hatua, kutoka stoo hadi mashine hadi ghala. Husubiri bidhaa ikamilike au iuzwe, kisha hurudi nyuma na kukokotoa malighafi iliyotumika kwa gharama sanifu, yaani gharama ya bidhaa moja iliyopangwa mapema. Njia yenyewe ni nyepesi, lakini nyingi ya dhana zinazozagaa juu yake zina makosa, na makosa hayo huonekana kwenye salio la stoo.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni: kiwanda cha mikate kinacholetewa unga kila siku na kinu cha mjini hapo hapo. Gharama sanifu ya mkate mmoja ni shilingi 1,100. Malighafi ni 800, mfuko wa shilingi 50 ukiwa ndani yake, na gharama za uchakataji, yaani mishahara ya kiwandani, umeme na uchakavu wa oveni, ni 300. Katika mwezi mmoja kiwanda kilinunua malighafi ya shilingi 25,000,000 kwa mkopo, kikatumia 9,400,000 kwenye uchakataji, kikatoa mikate mizuri 30,000 na kuuza 29,500. Mwanzo wa mwezi stoo ilikuwa tupu.

Dhana: Ukitumia njia hii, huandiki kitu mpaka bidhaa iuzwe.

Kinachoondolewa ni karatasi za kuombea malighafi stoo na akaunti ya pekee ya kazi inayoendelea. Mishahara bado inalipwa, bili ya umeme bado inafika, na vyote huandikwa vinapotokea. Kwa hiyo, vyovyote utakavyochagua mengine, ingizo hili lipo:

Debiti: Gharama za Uchakataji 9,400,000
Krediti: Mishahara, Umeme, Uchakavu 9,400,000

Kinachochaguliwa ni matukio yatakayomfanya mhasibu aguse akaunti za bidhaa. Hayo ndiyo yanayoitwa vichocheo, na yanayotumika sana ni matatu: malighafi inaponunuliwa, bidhaa inapokamilika, na bidhaa inapouzwa.

Dhana: Vichocheo vingi ni usahihi zaidi, basi chukua vyote.

Swali la kuuliza ni moja: mali yako inalala wapi usiku? Kama stoo ina malighafi ya kuhesabika, unahitaji kichocheo cha manunuzi. Kama ghala lina bidhaa zinazosubiri wateja, unahitaji kichocheo cha ukamilikaji. Pasipolala kitu, ingizo la hapo litafutwa na linalofuata kabla wino haujakauka, na kazi yote ni bure. Kiwanda cha kuunganisha pikipiki ambacho makasha yake husafiri baharini kwa wiki nyingi hadi Mombasa au Dar es Salaam hakiwezi kuruka kichocheo cha manunuzi, hata kama laini yake ya kuunganishia ni ya kasi namna gani.

Kiwanda chetu cha mikate kina unga kidogo stoo na mikate kidogo ghalani. Tukianza na vichocheo vyote vitatu, maingizo ni haya. Wakati wa kununua:

Debiti: Malighafi na Kazi Inayoendelea 25,000,000
Krediti: Wadai 25,000,000

Angalia jina la akaunti. Unga ulio kwenye magunia na unga uliokwisha kukandwa vyote vimo humo, bila kutenganishwa. Mikate 30,000 inapokamilika:

Debiti: Bidhaa Kamili 33,000,000
Krediti: Malighafi na Kazi Inayoendelea 24,000,000
Krediti: Uchakataji Uliogawanywa 9,000,000

Na mikate 29,500 inapouzwa:

Debiti: Gharama ya Mauzo 32,450,000
Krediti: Bidhaa Kamili 32,450,000

Uchakataji halisi ulikuwa 9,400,000, tuliougawa kwenye mikate ni 9,000,000. Laki nne zilizobaki hupelekwa kwenye gharama ya mauzo mwisho wa mwezi:

Debiti: Uchakataji Uliogawanywa 9,000,000
Debiti: Gharama ya Mauzo 400,000
Krediti: Gharama za Uchakataji 9,400,000

Baada ya hapo leja inaonyesha malighafi ya 1,000,000 na mikate 500 yenye thamani ya 550,000. Ishike hiyo milioni moja, tutairudia.

Dhana: Ukipunguza vichocheo, faida haibadiliki, ni njia ya mkato tu.

Inabadilika, na wakati mwingine ndilo lengo. Tuondoe kichocheo cha ukamilikaji, tubaki na manunuzi na mauzo. Ingizo la manunuzi halibadiliki. Mauzo sasa yanaandikwa hivi:

Debiti: Gharama ya Mauzo 32,450,000
Krediti: Malighafi na Kazi Inayoendelea 23,600,000
Krediti: Uchakataji Uliogawanywa 8,850,000

Uchakataji usiogawanywa sasa ni 550,000 badala ya 400,000, na wote unaingia kwenye gharama ya mauzo ya mwezi huu. Stoo inabaki na 1,400,000: ile milioni moja pamoja na malighafi ya mikate 500 ambayo ni 400,000. Shilingi 150,000 za kuikanda na kuioka mikate hiyo hazimo tena kwenye mali. Zimekwisha kuwa gharama.

Mtu anaweza kuona hapo kasoro. Mimi naona ndipo uhusiano wa njia hii na JIT unapojitokeza wazi. Katika ukokotoaji wa kawaida, meneja anayeoka mikate isiyo na mnunuzi huhamishia sehemu ya mishahara na umeme kwenye thamani ya ghala, na faida ya mwezi hupendeza. Kichocheo kikiwa mauzo, mlango huo unafungwa: kuoka bila kuuza hakumpunguzii gharama ya mwezi hata senti moja ya uchakataji.

Namna nyingine ni kuacha ingizo la manunuzi na kubaki na ukamilikaji na mauzo. Bidhaa zinapokamilika unakrediti Wadai moja kwa moja kwa 24,000,000. Hii naiogopa kwa viwanda vingi vya kwetu. Mzabuni ameleta mzigo wa 25,000,000 na taarifa yake itasema hivyo, huku leja yako ikisema 24,000,000. Deni la milioni moja lipo, malighafi ya milioni moja ipo, na vyote havionekani. Inafaa tu pale malighafi inapoingia na kwisha siku hiyo hiyo.

Dhana: Wakaguzi hawaikubali.

Kiwango cha kimataifa cha hesabu za bidhaa, IAS 2, kinaruhusu gharama sanifu endapo matokeo yake yanakaribiana na gharama halisi. Kinachotakiwa ni kwamba mali ya mwisho wa mwaka ibebe pia gharama za uchakataji. Kwa hiyo anayetumia vichocheo vya manunuzi na mauzo hupima siku ya kufunga hesabu: kama zile 150,000 si kitu mbele ya taarifa nzima, anaziacha, kama ghala limejaa, anazirudisha kwenye mali kwa ingizo moja la marekebisho. Mwenye ghala lililojaa kila mwisho wa mwaka ajiulize kwanza kama kweli yuko kwenye JIT.

Dhana: Salio la malighafi kwenye leja ndilo lililoko stoo.

Hii ndiyo inayogharimu zaidi. Turudi kwenye ile milioni moja. Tarehe ya mwisho wa mwezi watu wanaingia stoo, wanapima unga, sukari, hamira na mafuta, wanahesabu mifuko, wanaongeza na unga uliomo kwenye mashine za kukandia. Wanapata malighafi ya 640,000. Pengo ni 360,000.

Sababu iko kwenye njia yenyewe. Tulipoandika ukamilikaji, tulizidisha mikate mizuri kwa 800. Mkate ulioungua haukuhesabiwa popote, na unga wake haukutolewa kwenye akaunti. Kwa leja, unga huo bado uko kwenye gunia. Usipohesabu stoo, pengo hili litakua mwezi baada ya mwezi, na siku moja ofisa manunuzi ataamini ana unga wa siku mbili kumbe kesho asubuhi hakuna cha kukanda. Katika kiwanda kisicho na akiba, hapo laini inasimama.

Kabla ya kuandika marekebisho, tafuta chanzo, na kukijua si vigumu ukitazama pengo kwa kila aina ya malighafi badala ya jumla ya fedha. Unga, sukari na hamira vikipungua pamoja kwa uwiano wa mapishi huku mifuko ikilingana na leja, mikate imepotea baada ya kukandwa na kabla ya kufungashwa, yaani kwenye oveni. Ukipungua unga peke yake, shuku mizani ya wakandaji, uzito wa magunia yanayopokelewa, au wizi. Mizani ikitoa gramu 510 mahali pa 500, mikate 1,000 kwa siku hula kilo 10 zisizoandikwa, na pengo hukua sawasawa na uzalishaji. Mikate iliyoungua haina mwendo huo. Hurukaruka, hasa siku za umeme kukatika.

Tuseme mifuko imelingana na vingine vimepungua pamoja. Malighafi bila mfuko ni shilingi 750 kwa mkate, na 360,000 ukigawa kwa 750 ni mikate 480. Msimamizi wa oveni atajua kama idadi hiyo inaingia akilini. Ikithibitika:

Debiti: Hasara ya Mikate Iliyoharibika 360,000
Krediti: Malighafi na Kazi Inayoendelea 360,000

Uharibifu usio wa kawaida kama huu haubebwi kwenye thamani ya mikate iliyobaki ghalani. Ni gharama ya mwezi. Ule wa kawaida, mikate michache ambayo oveni yoyote itaiunguza, unapaswa kuwa umeshawekwa ndani ya gharama sanifu. Ukiuweka humo, usiuandike tena kama hasara, la sivyo unga mmoja utatolewa mara mbili na akaunti itaanza kuonyesha upungufu upande wa pili.

Viwanda vinavyofanya vizuri hapa havisubiri mwisho wa mwezi. Kila zamu huandika mikate iliyotupwa kwenye karatasi moja mlangoni mwa oveni, na ingizo la hasara kwa ile iliyozidi kawaida hufanywa siku hiyo hiyo pamoja na lile la ukamilikaji. Unga, kwa kuwa ndio sehemu kubwa ya fedha, hupimwa kila wiki. Mifuko na hamira mara moja kwa mwezi hutosha.