Ya Kahawia Si Maji Matupu: Pampu Mbili za Pumu

"Dakta, hii ya kahawia haina kitu. Nipe ile ya buluu." Hapa Lamu maneno haya nayasikia kwa mabaharia, kwa akina mama wa Langoni, hata kwa walimu. Kwa wagonjwa nayavumilia. Lakini juzi nimemsikia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, koti jeupe likiwa bado na mikunjo ya dukani, akimwambia mgonjwa, "Ya kahawia weka akiba, utaivuta ukizidiwa." Basi leo tulimalize.

Dhana: Pampu ya buluu ndiyo dawa yenyewe, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi.

Katika pumu njia ya hewa inazibwa na mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni misuli laini inayoizunguka njia ile: hukaza, na njia ikawa nyembamba. La pili ni uvimbe wa ukuta wenyewe: utando umefura, umejaa seli za uvimbe, yaani iosinofili na seli za masti, na tezi zinamwaga makohozi mazito. Misuli hukaza na kulegea ndani ya dakika. Uvimbe hujengeka kwa siku nyingi, na kuondoka kwake pia ni kwa siku nyingi.

Salbutamoli, ile ya buluu, hushika vipokezi vya beta-2 kwenye misuli. Ndani ya seli saiklik AMP hupanda, kalsiamu hushuka, msuli hulegea. Mgonjwa huhisi nafuu ndani ya dakika tano hivi, na nafuu hiyo hudumu saa nne hadi sita. Uvimbe haiugusi. Utando unabaki umefura vilevile na makohozi yako palepale. Wakati mgonjwa anakuambia "nimepona", ukuta wa njia zake za hewa uko kama ulivyokuwa kabla hajavuta.

Beklometasoni, ile ya kahawia, ni steroidi. Huingia ndani ya seli, hushika kipokezi chake, na vyote viwili huenda kwenye kiini kuzima jeni zinazoagiza uvimbe. Kazi ya jeni haionekani kwa dakika tano. Iosinofili hupungua, utando hunywea, makohozi hupungua, na mgonjwa huanza kuona tofauti baada ya siku kadhaa au wiki. Manufaa kamili huweza kuchukua miezi. Kwa hiyo mtu aliyeivuta akiwa amebanwa, akasubiri, asihisi lolote, hakudanganya. Alipewa dawa ya kazi nyingine bila kuelezwa, na asiyemweleza ni sisi.

Mchukulie fundi wa majahazi wa Matondoni, mtu wa makamo, ambaye pampu ya buluu humwishia kila mwezi. Piga hesabu: pampu moja ina mivuto 200, kwa hiyo anavuta kama sita au saba kwa siku. Asubuhi hupiga randa na kupasua mbao, kifua kikabana kidogo. Huvuta mara mbili, akaendelea na kazi. Jioni yuko nyumbani, hana vumbi wala moshi, na hapo ndipo kifua kinapolia hasa. Usiku wa manane anakaa kitandani akikohoa. Yeye husema ni baridi ya kusi.

Si kusi. Mwenye njia za hewa zinazochokozwa na vumbi la mbao huweza kupata mibano miwili. Wa kwanza huja ndani ya dakika, na ni wa misuli zaidi. Wa pili huja saa kadhaa baadaye, wakati seli za uvimbe zilizoitwa asubuhi zimeshafika na kuanza kazi. Salbutamoli ya asubuhi humaliza mbano wa kwanza na kumwachia njia ya kuvuta vumbi zaidi. Wa pili haiuzuii. Steroidi ndiyo inayoupunguza, na ikitumiwa kwa wiki kadhaa, hata ule wa kwanza hupungua kwa sababu ukuta haushtuki ovyo tena.

Mpime kwa pikflo, kifaa kinachopima kasi ya pumzi anayopuliza. Tuseme kwa umri na urefu wake tunatarajia lita 560 kwa dakika. Anapuliza 290. Unampa mivuto minne ya salbutamoli kwa spesa, ile chupa ya kuvutia inayochomekwa kwenye pampu, unangoja dakika 15, anapuliza 400. Amepanda 110, na mwanafunzi anafurahi. Mimi naangalia zile 160 zilizobaki. Misuli imeshalegea, na bado hafiki. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni uvimbe na makohozi. Mwanzishie beklometasoni ya mikrogramu 100, mivuto miwili asubuhi na miwili jioni, afunge barakoa anapopasua mbao, arudi baada ya wiki sita. Ikiwa dawa inafanya kazi, utaona asubuhi, kabla hajagusa ya buluu, anapuliza kama 480, na akivuta ya buluu anapanda kidogo tu, tuseme 510. Ongezeko hilo dogo ndilo ninalolitafuta: maana yake misuli haikuwa imekaza sana tangu mwanzo. Akirudi na 300, usikimbilie kuongeza dozi. Mwambie avute mbele yako. Mara nyingi utamkuta hatikisi pampu, au anabonyeza kwanza halafu ndio anavuta pumzi, dawa yote ikaishia ulimini.

Kuna jambo jingine baya kuhusu buluu tupu. Misuli ikipigwa salbutamoli kila siku, vipokezi vya beta-2 hupungua, na kinga yake dhidi ya vichokozi hushuka. Steroidi kwa upande wake huongeza vipokezi hivyo. Ndiyo maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, wa GINA, haushauri tena mtu mzima wala kijana wa miaka 12 na zaidi atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Anayemaliza pampu tatu au zaidi za buluu kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa. Fundi wetu anamaliza 12, na kiwango hicho kinahusishwa na vifo.

Dhana: Steroidi ya pampu itamfurisha uso. Aliyezidiwa hupewa vidonge vya steroidi, prednisoloni miligramu 40 kwa siku, na hakuna anayelalamika. Mikrogramu 400 za pampu ni sehemu moja ya mia ya uzito huo, tena huvutwa kuelekea pale pale panapotakiwa. Tatizo la kawaida ni utando mweupe mdomoni na sauti kukwaruza. Atumie spesa, asukutue na kutema. Kama huna spesa, chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu inatosha kabisa, na mimi huwapigia debe chupa hizo kuliko wauza spesa wangependa.

Dhana: Ramadhani pampu zote husimama. Ya kahawia ni mara mbili kwa siku: avute baada ya futari na wakati wa daku, basi. Mchana akibanwa, avute ya buluu. Habari ya saumu yake aulize sheikh wake baadaye, akiwa anapumua.

Dhana: Pampu ikilia "chss" ina dawa. Gesi hubaki dawa ikiwa imekwisha, na kuielesha majini hakukuambii kitu. Kama haina kihesabu, mgonjwa aandike tarehe ya kuifungua kwa kalamu ya wino juu ya pampu yenyewe. Ya kahawia yenye mivuto 200, kwa mivuto minne kila siku, humalizika siku ya 50. Akikuambia ameitumia kila siku na pampu ile ile ina miezi minne, basi ama haivuti, ama anavuta gesi tupu.