Jina la ngoma si jina la kikundi

Kila msimu wa Bulabo, sherehe kubwa ya mashindano ya ngoma za Wasukuma, ukikaribia, simu zinaanza kuingia hapa Mwanza: "Kaka, tunataka bango, jina letu ni Bugobogobo." Nauliza, Bugobogobo ya nani? Wananijibu, "Ya asili." Basi siku ile ile natengeneza mabango mawili ya vikundi viwili visivyojuana, yote yameandikwa BUGOBOGOBO kwa herufi kubwa, na mchapaji ananipigia akidhani nimemtumia faili moja mara mbili.

Imani inayonichosha ni hii: kwamba ukikiita kikundi kwa jina la ngoma yake, umeshahifadhi urithi. Hujahifadhi. Bugobogobo ni ngoma ya jembe ya Wasukuma wote, na hakuna kikundi kinachoweza kuimiliki kwa kuiandika kwenye karatasi. Na kibaya zaidi, vyama vikubwa vya wazee wetu havikujiita kwa jina la ngoma.

Tazama walivyojiita. Vyama viwili vikubwa vya ngoma Usukumani ni Bagika na Bagalu. Bagika ni watu wa Ngika, Bagalu ni watu wa Gumha, waganga wawili waliokuwa washindani, na ushindani wao ukarithiwa na wafuasi hadi leo. Bayeye ni wacheza nyoka. Banunguli ni wawindaji wa nungunungu. Kote huko jina linawataja watu: ni wa nani, au wanafanya kazi gani. Ngoma wanayocheza inaweza kubadilika mwakani, manju akatunga mpya, wakaacha jembe wakashika kitu kingine, lakini wao wanabaki Bagika. Huo ndio urithi wa kutoa majina, na upo wazi kwa yeyote anayetaka kuufuata. Ajabu ni kwamba vijana wanaouruka ndio wanaoniambia wanataka jina "lenye asili".

Kuna sababu ya vitendo pia. Pale Bujora, kwenye Bulabo ya mwezi Juni, vikundi viwili hasimu hucheza kwa wakati mmoja uwanjani, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Sasa mtu aliyesimama katikati, anayesikia ngoma mbili kwa pamoja, aambiwe aende kwa Bugobogobo? Ipi? Pande zote mbili zinaweza kuwa na majembe. Jina linalofanya kazi hapo ni lile linalomwambia huyu ni wa nani. Wagogo na muheme, Wazaramo na mdundiko, Wamakonde na sindimba, hali ni ile ile. Sindimba imechezwa mashuleni nchi nzima, kwa hiyo kujiita Sindimba leo hakumwambii mtu hata kama umetoka Newala au Kinondoni.

Wengine wakielewa hilo wanakimbilia upande wa pili na kuweka kila kitu. Tuchukue mfano nilioutunga kwa kuunganisha majina ninayoletewa: KIKUNDI CHA NGOMA ZA ASILI NA MAIGIZO CHA VIJANA BUGOBOGOBO KISESA. Ukihesabu na nafasi ni alama 66. Bango la kawaida tunalobandika ni la A3, upana wake milimita 297. Acha pambizo la milimita 15 kila upande, unabaki na 267. Herufi kubwa nene, ukijumlisha na mwanya wake, hula upana unaokaribiana na kimo chake. Kwa hiyo gawanya 267 kwa 66: unapata herufi za kimo cha milimita 4. Hizo ni za kusomwa na mtu aliyeegemea ukuta. Ukizivunja mistari mitatu zinafika milimita 12, lakini umekula sehemu ya juu ya bango, na bado hujaandika tarehe, mahali, kiingilio wala nembo ya mfadhili, ambaye hakubali nembo yake ipunguzwe.

Kipimo ninachotumia ni milimita 25 kwa mtu aliye umbali wa mita tatu, yaani anayepita njia bila kusimama. Kwa A3 hiyo ni herufi kumi hivi kwa mstari. Fonti nyembamba zitakuongezea herufi kadhaa, lakini wino ukisambaa kwenye karatasi ya bei nafuu, matundu ya A, B na O yanaziba. M na W hula nafasi zaidi, I hula kidogo, kwa hiyo hesabu hii ni ya kuanzia tu. Chapa, bandika, rudi nyuma hatua tatu nne, usome.

Turudi kwenye mfano wetu. "Kikundi", "ngoma za asili" na "vijana" ni maelezo. Yaende kwenye cheti cha usajili cha BASATA, na kwenye bango yawe mstari mdogo chini ya jina. Bugobogobo iandikwe kama ngoma itakayochezwa siku hiyo. Kinachobaki ni Kisesa, mahali wanapotoka, na jembe, kitu wanachokishika. Kwa Kisukuma majembe ni magembe. MAGEMBE ni herufi saba, zinafika kimo cha zaidi ya milimita 30 hata ukizihurumia zile M mbili. Chini yake, kwa ukubwa wa nusu, YA KISESA. Msukuma analisikia kama lake, Mzaramo analielewa bila mkalimani, na mshereheshaji analitamka kwa pumzi moja kwenye kipaza sauti kibovu. Kampala kuna Ndere, jina lililotokana na endere, filimbi ya Waganda. Herufi tano, na kikundi hicho hucheza ngoma za makabila mengi bila jina kuwafunga. Hiyo ndiyo faida ya kutumia ala au zana: haikulazimishi kucheza kitu kimoja maisha yako yote.

Sitaficha mashaka yangu. Magembe ni jina la watu pia, na kuna atakayeuliza kama ni kikundi cha ukoo. Ukitumia jina la manju, unawafuata wazee kwa uaminifu zaidi, lakini manju akigombana na wenzake na kuondoka, jina linaondoka naye au linabaki? Sijapata jibu linaloniridhisha. Bagika waliendelea baada ya Ngika kwa sababu walikuwa na dawa, viapo na miiko ya pamoja, vitu ambavyo kikundi cha vijana kumi na watano hakina. Na usijiandike Bagika au Bagalu kwa sababu linapendeza. Hivyo ni vyama hai, wazee wake wapo, na mashabiki wa upande wa pili watakuzomea kwa haki.

Jambo la mwisho ni ritifaa. Majina ya Kisukuma yamejaa ng', na wapenda urithi huanza mara moja na Ng'wana fulani. Baadhi ya fonti za mapambo hazina alama hiyo, zinachapa kisanduku kitupu au zinaiacha kabisa. Bango likisema NGWANA, mtangazaji wa redio atalitamka kwa ng ya "ngano", na mwanakijiji hatajua anaitwa nani. Kama lazima uwe nayo, mpe mchapaji jina lililoandikwa kwa mkono, mwambie akuonyeshe nakala moja ya karatasi kabla ya kuchapa zote, na itazame ile alama kabla ya kutazama picha zenu.